Mia Tano na Tano kwa Kilometa

Siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, niliyaweka kwenye kundi la simu la wenye virikuu kabla hata ya kumwonyesha mke wangu. Miaka mitatu nilisoma masomo ya jioni huku mchana nikibeba mizigo na kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo, nikiingia darasani nanuka vitunguu kiasi kwamba mwalimu wa baiolojia alikuwa anafungua madirisha yote na mengine anayatafuta. Nikapata daraja la tatu. Kwa furaha niliyokuwa nayo, ungedhani nimeteuliwa kuwa waziri.

Pongezi zikamiminika. Halafu akaandika mbaya wangu.

"Hongera dogo. Elimu ya usiku ni kama kuoga gizani. Unajua umeoga, ila ushahidi huna."

Kundi zima likaanguka. Vikatuni vya kucheka vilishuka kwenye simu yangu kama mvua ya masika, mpaka chaji ikaisha. Na mie nilicheka, nakiri, kwa sababu ilichekesha. Lakini nilicheka kwa meno tu. Tumboni nilikuwa nimeshafungua faili.

Mbaya wangu kanizidi miaka kama kumi na tano. Kwa hiyo kila asubuhi, pale gereji yetu Temeke, ilinibidi nimpe shikamoo yake. Naye alikuwa anaipokea taratibu, anaitafuna, kisha anajibu, "Marahaba, mwanafunzi," kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mihogo. Wateja wangu wakaanza kuniita mwanafunzi. Mama mmoja wa Tandale, niliyemhamishia vyombo vyake mara mbili, akampa yeye kazi ya tatu. Nilipomuuliza akasema, "Nilisikia we bado unasoma, mwanangu, nikaona nisikusumbue."

Basi nikaapa. Sikujua nitalipizaje, ila nilijua nitalipiza.

Sasa lazima nieleze mchezo wetu, maana humo ndimo kisasi kilimozaliwa. Sie tulikuwa wenye virikuu kumi, na tulikuwa na mchezo wa sevisi. Kila Jumamosi kila mtu anatoa elfu nane, zinapatikana elfu themanini, ambazo ndizo bei ya kumwaga oili na kubadilisha filta kwa fundi wetu. Watu wengine hucheza mchezo kwa kupokezana majina. Sie hatukuwa hivyo. Kwetu zamu ilikuwa inafuata mileji. Yule ambaye gari lake litafika sevisi mapema kuliko wenzake ndiye anayechukua. Tuliona ni haki, kwa sababu oili haijui majina.

Na nani anajua gari la nani litafika lini? Katibu. Na katibu nilikuwa mie, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

Fundi wetu alikuwa anaweka kumbukumbu zote za matengenezo kwenye simu: tarehe, kilometa, alichofunga, bei, na kila mwenye gari anaziona kwenye simu yake. Kila Ijumaa kila mwanachama ananitumia skrinishoti ya kumbukumbu zake na picha ya dashibodi. Picha nyingine zilikuwa na vumbi kiasi kwamba tisa ilifanana na sita, nikawa nawaambia watu wafute kioo kwanza. Mwingine alinitumia kilometa za safari, zile ndogo unazoweza kuzirudisha sifuri, badala ya kilometa za jumla. Kwa hesabu hiyo gari lake la miaka ishirini lilikuwa limetoka bandarini juzi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaangalia sevisi ya mwisho ilifanyika kwenye kilometa ngapi, unajumlisha elfu tano, hapo ndipo inapotakiwa nyingine. Unatoa kilometa za leo, unapata zilizobaki. Kisha unatafuta gari hilo linatembea kilometa ngapi kwa siku, unagawanya, unapata siku. Unahesabu kwenye kalenda, unaandika tarehe. Wengi wetu tulikuwa tunatembea kama kilometa sabini kwa siku, kwa hiyo elfu tano inamalizika kwenye wiki ya kumi au ya kumi na moja. Watu kumi, wiki kumi. Mchezo ulikuwa unazunguka vizuri kama saa ya msikitini.

Halafu ikaja kazi ya Kimbiji.

Kuna mfanyabiashara mmoja Mikocheni, wa familia ya Kihindi iliyokaa mjini hapa toka enzi za mababu, ana kiwanda kidogo cha chakula cha kuku. Alikuwa na wafugaji wengi Kimbiji, na alitaka kirikuu kimoja cha kudumu, kwenda na kurudi kila siku, siku zote saba, kwa sababu kuku hawana Jumapili. Analipa kwa kilometa, anazisoma mwenyewe kwenye dashibodi, kwenda na kurudi. Ushuru wa daraja juu yake. Kwenda na kurudi ni kama kilometa mia na ishirini, na wewe usafiri wako wa mjini unaongeza kama ishirini juu.

Kazi ya uhakika kama hiyo kwetu ilikuwa kama kuolewa. Niliitaka mpaka nikaiota. Nikapeleka bei yangu: mia sita na hamsini kwa kilometa. Na kwa kuwa mdomo wangu haujawahi kusoma, si usiku wala mchana, nikaitangaza pale gereji.

Kesho yake mbaya wangu akapeleka mia nne na hamsini.

Bosi wa Mikocheni akanipigia. "Mwenzako kashuka sana. Wewe unaweza kushuka?"

"Nipe mpaka jioni, bosi," nikamwambia.

Nikakaa chini ya turubai la gereji, nikafungua skrinishoti za mbaya wangu. Kama katibu nilikuwa nazo zote. Miezi sita nyuma gari lake lilikuwa kilometa laki moja, elfu arobaini na nane na mia mbili. Sasa lilikuwa laki moja, elfu sitini na mia mbili. Elfu kumi na mbili kamili alizokula barabarani. Nikaanza kuteremsha: sevisi mbili za oili, laki na sitini. Matairi manne, laki nne na arobaini. Shokapu na bushi, laki tatu. Breki, laki. Pleti ya klachi, laki tatu na nusu. Bima na vibali vya nusu mwaka, ambavyo wote tunalipa sawa, laki mbili na kumi. Jumla milioni moja, laki tano na elfu sitini. Ukigawa kwa kilometa elfu kumi na mbili, unapata mia na thelathini. Yaani kila kilometa moja, kabla hajaweka hata tone la petroli, ilikuwa inamla shilingi mia na thelathini.

Petroli tuliinunua karibu elfu tatu lita. Mjini gari lake lilikuwa linakwenda kilometa kumi kwa lita. Lakini njia ya Kimbiji, ikiwa na mifuko ya chakula cha kuku mpaka juu, na mashimo ambayo ukiingia unaweza kukuta watu wamepanga vyumba humo ndani? Nane, akibahatika. Elfu tatu kwa nane ni mia tatu sabini na tano. Jumlisha na mia na thelathini.

Mia tano na tano.

Na alikuwa ametaja mia nne na hamsini! Kila kilometa angeongezea shilingi hamsini na tano za kwake, na hapo hajala, hajanywa maji, hajamwachia mke hela ya mboga.

Nilijua hasa alipokosea, kwa sababu nilikuwa nimemsikia mara mia akihesabu kwa sauti. Yeye alikuwa anaweka mafuta ya mjini, mia tatu, na oili, shilingi kumi na sita, basi. Matairi? "Matairi si sevisi, dogo. Matairi ni mkosi." Shokapu ni mkosi. Klachi ni husuda ya majirani. Kila kitu kilichoharibika mara chache alikiita mkosi, na mkosi hauwekwi kwenye hesabu. Kwa akili yake alikuwa anapata faida ya mia na thelathini na kitu kwa kila kilometa.

Kwa sekunde mbili hivi niliwaza kumwambia. Labda moja na nusu. Kisha nikakumbuka ushahidi wa kuoga gizani.

Nikampigia bosi. "Bosi, siwezi kushuka. Mpe yeye."

"Una uhakika?"

"Mpe, bosi. Mpe kwa moyo mmoja."

Mke wangu aliposikia alinitazama kama mtu aliyemwona mume akitupa kitanda dirishani. "Kazi yote ile unampa adui yako?"

"Simpi kazi," nikamwambia. "Nampa hasara."

"Hasara ya nani? Sie tutakula hesabu yako?"

"Subiri."

Nikasubiri. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba hasara ya gari ni mjanja mkubwa, haijitokezi mbele za watu. Kwa sababu mbaya wangu alikuwa anapokea mia nne na hamsini, anatoa mafuta, na kila jioni anabaki na elfu tisa mkononi, taslimu. Tairi linasagika kimya kimya, shokapu linachoka kimya kimya, na mwenyewe anaona pesa. Wiki ya kwanza alifunga redio mpya. Ilikuwa na taa za buluu na za kijani, na singeli yake ikipita Temeke unaisikia ukiwa Mbagala. Akawa anaegesha pale gereji, anashusha kioo.

"Marahaba, mwanafunzi! Kimbiji pesa ipo! Wenye akili za mchana tumeiona!"

Nilikuwa nakunywa kahawa. Niliitafuna.

Ijumaa ya wiki hiyo skrinishoti zikaja. Nikafungua ya kwake. Laki moja, elfu sitini na moja, mia na themanini. Kilometa mia tisa na themanini kwa siku saba! Gari lililokuwa linatembea sabini kwa siku sasa lilikuwa linatembea mia na arobaini. Na hapo, nikiwa na kikombe mkononi, ndipo nikaona kitu ambacho mie, katibu, msomi, mpanga kisasi, nilikuwa nimekisahau kabisa.

Mchezo wetu unafuata mileji.

Sevisi yake ilikuwa inatakiwa kwenye laki moja, elfu sitini na tatu. Wakati anaanza kazi zilikuwa zimebaki elfu mbili na mia nane, ambazo kwa mwendo wake wa zamani ni siku arobaini. Mie nilikuwa nimebakiza siku ishirini na tano. Nilikuwa mbele yake sana, na elfu themanini ilikuwa inanijia. Lakini sasa amebakiza kilometa elfu moja, mia nane na ishirini, na kwa mwendo wa mia na arobaini hizo ni siku kumi na tatu. Mie nilikuwa na siku kumi na nane. Kaniruka! Na baada ya hapo, kwa mwendo ule, angefika sevisi kila baada ya wiki tano, wakati sie wengine ni wiki kumi, na wote tunatoa elfu nane zilezile. Yaani nimemtegea adui mtego wa hasara, halafu naenda kumlipia oili kwa hela yangu mwenyewe. Tena mara mbili!

Sikulala, au nililala nikiwa nimekasirika, ambayo ni mbaya zaidi.

Ila kuna mlango mmoja ulikuwa wazi. Unapotafuta gari linatembea kilometa ngapi kwa siku, unaweza kuangalia wiki ya mwisho, au unaweza kuchukua miezi yote. Ukichukua miezi yote sita pamoja na wiki moja ya Kimbiji, zile sabini za zamani zinaimeza mia na arobaini mpya. Wastani unabaki palepale, kama sabini. Kwa hesabu hiyo mbaya wangu alikuwa bado na siku ishirini na sita, na mie nilikuwa mbele. Na siyo uongo! Ni wastani! Upo kwenye vitabu!

Jumamosi nikasimama mbele ya watu nikasoma. "Anayefuata kwa mileji ni mimi, siku kumi na nane. Mwenzetu wa Kimbiji, siku ishirini na sita."

Mhazini wetu alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa pwani, kirikuu chake kinachukua nyanya na viazi soko la Tandale. Hajawahi kupaza sauti maishani mwake, na hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kumsubirisha.

"Ishirini na sita zimetoka wapi, mwanangu?"

"Wastani, mama."

"Wastani wa lini?"

"Wa miezi sita, mama. Na wiki moja."

"Miezi sita hiyo alikuwa anakwenda Kimbiji?"

Nikajifanya nasoma simu.

"Gari la mwezi wa tatu halipo tena," akasema. "Lipo la wiki hii. Hesabu mwendo wa wiki hii. Oili inaungua leo, haiungui mwezi wa tatu."

Mbaya wangu akainua kofia yake. "Mama, msamehe. Taa za darasani zilikuwa zinakatika."

Walicheka mpaka bati la gereji likacheza. Nikahesabu upya mbele yao: siku kumi na tatu. Zamu ilipofika, akazichukua zile elfu themanini akazihesabu taratibu, noti moja moja, kama anazifahamu kwa majina. Mojawapo ilikuwa yangu, niliitambua kwa pembe iliyochanika.

Sasa visasi vikawa viwili. Na cha pili nilikipika kwa moto mdogo.

Niliwaza hivi. Ikiwa mchezo unamlipa anayetembea sana, basi na achangie anayetembea sana. Sevisi ni elfu themanini kwa kilometa elfu tano. Gawanya: shilingi kumi na sita kwa kilometa. Mwenye kutembea sabini kwa siku, wiki ni mia nne na tisini, mara kumi na sita, anatoa kama elfu nane, ileile ya siku zote. Hakuna atakayeumia. Ila mwenye kutembea mia tisa na themanini atatoa karibu elfu kumi na sita. Haki tupu. Hata yeye hawezi kuipinga bila kujiaibisha.

Lakini mie sikutaka haki tupu. Nilitaka haki yenye pilipili. Nikapanga kwamba, nikiwa nawaeleza wanachama gharama ya kilometa ni kitu gani, nitahitaji mfano. Na mfano mzuri lazima uwe wa gari ambalo kila mtu analijua.

Jumamosi iliyofuata watu wote walikuwepo. Kashata zilikuwepo. Nikatoa hoja ya kumi na sita kwa kilometa, mama mhazini akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Hiyo ina akili." Mbaya wangu akasema haina shida, Kimbiji pesa ipo, elfu kumi na sita kwake ni hela ya karanga.

"Asante, mzee," nikasema kwa adabu iliyonitoka jasho. "Sasa kwa ruhusa ya kikao, nionyeshe gharama nzima ya kilometa, tusije tukawa tunahesabu oili tu. Nachukua kumbukumbu za mwenzetu, kwa sababu ndiye mwenye kazi kubwa kuliko sote."

"Chukua, dogo," akasema, ameegemea gari lake, singeli imepunguzwa. "Wafundishe."

Nikaanza kuita, na kwa kila kitu nikawa namtazama. "Matairi manne. Ni ya kwako haya?"

"Ya kwangu. Ila matairi si sevisi."

"Uliyanunua au ulipewa?"

"Nilinunua."

"Shokapu na bushi?"

"Ule ulikuwa mkosi."

"Mkosi ulilipiwa?"

Watu wakaanza kuguna. Fundi akatoka chini ya gari alilokuwa analitengeneza, akakaa kwenye tairi. Nikaita breki, nikaita klachi, nikaita bima. Nikajumlisha kwa sauti, nikagawa kwa sauti. "Mia na thelathini kwa kilometa, bila petroli. Sasa mafuta. Mzee, Kimbiji ukiwa na mzigo, lita moja inakupeleka wapi?"

Fundi akajibu kwa niaba yake. "Nane. Na hapo anakwenda kwa adabu."

"Mia tatu sabini na tano," nikasema. "Jumla mia tano na tano." Nikaacha kidogo. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kimya kile mbele ya kioo cha bafuni. "Na Mikocheni unalipwa ngapi, mzee?"

Kila mtu alijua. Alikuwa ameitangaza mwenyewe.

Mwenye kirikuu cha maji akapiga mluzi mrefu. "Kwa hiyo braza anamlipa Mhindi ili ambebee kuku chakula!"

Hapo ndipo kijiwe kilipolipuka. Nakwambia, watu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Mmoja alipiga magoti. Singeli ilikuwa bado inapiga polepole, taa za buluu na za kijani zinawaka na kuzima, na mbaya wangu ametulia katikati kama mtu aliyesimamishwa na polisi harusini kwake.

"Elfu tisa nabaki nayo kila siku," akasema hatimaye. "Naishika mkononi."

"Ni ya matairi hiyo," mama mhazini akamwambia, bila kucheka. "Na haitoshi."

Akatoa simu yake. Akafungua zile skrinishoti, akaanza kuzivuta kwa kidole, moja baada ya nyingine, midomo inacheza. Sijawahi kuona mtu akisoma kitu chake mwenyewe kama barua ya mtu mwingine. Mie nilikuwa nimekaa, nimekunja nne, kahawa yangu tamu kuliko asali ya Tabora. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa na furaha kuliko mimi jioni ile, basi alikuwa amekwisha kuzikwa, yuko peponi.

Jumatatu akaenda Mikocheni kuomba aongezewe. Bosi akamwambia, kwa upole wote, "Bei uliitaja mwenyewe. Mimi nilimwambia na mwenzako, akakataa kushuka. Nikadhani wewe una siri." Hakumwongeza hata shilingi.

Angeacha siku ileile, ningemhesabu mtu mwenye busara. Hakuacha. Aliona akiacha nitakuwa nimeshinda, akaendelea na kuku wake wiki nyingine nne, kwa kiburi kitupu. Ningeweza kumhurumia, nilijaribu mara moja nikiwa kwenye foleni, haikuja. Wiki ya tano baada ya kikao matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha kabisa, na shokapu moja la mbele lilitoboa bati pale lilipofungwa, kwenye mashimo ya Kimbiji. Alilirudisha gari mjini likiwa limeinama upande mmoja kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Akaliegesha gereji. Redio akaiuza ili anunue tairi. Mnunuzi alikuwa yule mwenye kirikuu cha maji, na siku ileile akawa anaipiga.

Bosi wa Mikocheni akanipigia. "Bado unaitaka hii kazi?"

"Naitaka, bosi. Ila mia sita na hamsini ilikuwa ya zamani. Sasa ni mia saba."

Akacheka. "Kwa nini imepanda?"

"Kwa sababu sasa umeshajua bei rahisi inaishia wapi."

Akakubali. Mia saba! Mke wangu alinipikia wali wa nazi, akasema bado anadhani nilikuwa na wazimu, ila wazimu wenye faida. Asubuhi ya kwanza nilipita gereji kwa makusudi, ingawa haikuwa njia yangu. Mbaya wangu alikuwa amechuchumaa, anamshikia fundi spana. Nikashusha kioo, nikatoa shikamoo yangu kwa sauti ya kwaya nzima.

"Shikamoo mzee! Kimbiji pesa ipo!"

Akainua macho. "Marahaba," akasema. Hata "mwanafunzi" hakusema, na nakiri kwamba ilinipunguzia utamu kidogo. Nilipiga honi tatu zaidi kufidia.

Nimekuwa nakwenda Kimbiji tangu hapo. Njia inakula gari kwelikweli. Kilometa zangu nazo zimekuwa mia na arobaini kwa siku, na natoa karibu elfu kumi na sita kila Jumamosi kama nilivyowapangia wengine. Bado mie ni katibu. Bado Ijumaa napokea picha za dashibodi zenye vumbi. Na zangu naziweka kwenye kundi, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Ijumaa ya wiki ya nne ya kazi nikatangaza zamu kama kawaida. Nikaandika kwamba gari langu litafika sevisi baada ya siku kumi, na pesa ya mchezo itakuwa imeiva kabla yake, Jumamosi ya wiki inayofuata. Haikupita nusu saa, ujumbe ukaingia. Mbaya wangu.

"Katibu. Umebakiza kilometa mia saba. Unakwenda mia na arobaini. Hizo ni siku tano, Jumatano. Umeweka mwendo wako wa mjini. Ukingoja Jumamosi unapitiliza."

Vikatuni hakuweka. Utani hakuweka. Maneno makavu.

Nikafungua skrinishoti yangu mwenyewe nikaanza kutafuta kosa lake. Nilitafuta kama mtu anayetafuta funguo ya nyumba inayoungua. Nikagawa mara ya kwanza. Nikagawa mara ya pili. Nikafuta kioo cha dashibodi, nikasoma tarakimu upya, labda tisa ni sita.

Jumatano nikapeleka gari kwa fundi, kwa hela ya mfukoni mwangu, kabla ya zamu. Alikuwepo pale, amekaa kwenye tairi, anakunywa kahawa. Alikuwa na simu mkononi, na nilipopita nyuma yake nikaona anaangalia dashibodi. Ilikuwa ya kwangu, ya wiki zote nne, picha moja baada ya nyingine.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akajibu, hajainua macho. "Matairi yako ya nyuma uliyafunga kilometa ngapi?"